Taima inayojirudia kwenye saa janja: kwa nini ratiba inachelewa

Swali: Habari mtaalamu. Nasoma dakika 25 napumzika 5, kwa taima ya saa janja. Nikianza saa mbili asubuhi, kufikia saa nne ratiba imechelewa karibu dakika kumi. Naifanyaje ijirudie yenyewe? Na jikoni, nikiwa na sufuria tatu motoni, njia ni hiyo hiyo?

Jibu: Salama, ndugu. Saa yako haina kasoro. Kati ya saa mbili na saa nne taima inalia mara nane, nne za masomo na nne za mapumziko. Ukichukua dakika moja na robo kila mara kumalizia sentensi, kunyanyua mkono na kugusa kioo, zile dakika kumi zimetimia. Taima ya kawaida huanza kuhesabu upya pale unapoigusa, haijali ililia lini. Kwa hiyo kila kuchelewa kunabebwa na vipindi vyote vinavyofuata.

Dawa yake ni taima inayojiwasha papo hapo inapofika sifuri. Hapa saa zinatofautiana. Kwenye saa nyingi za Garmin, fungua mipangilio ya taima, tafuta Restart, uiweke On. Kwenye Apple Watch, taima ikiisha unaletewa kitufe cha kurudia, lakini lazima ukiguse mwenyewe, na hapo ndipo dakika zinapopotelea.

Bado kuna tatizo la pili: taima moja inarudia muda ule ule, nawe una muda wa aina mbili. Kama saa yako inaruhusu taima mbili kwenda kwa pamoja, usiweke ya 25 na ya 5. Weka zote mbili dakika 30, zote zijirudie, ila uzipishanishe mwanzo. Ya kwanza, uiite Pumzika, iwashe saa mbili kasoro dakika tano, wakati unaandaa vitabu. Ya pili, Soma, iwashe saa mbili kamili. Pumzika italia saa mbili na dakika 25, kisha saa tatu kasoro tano, na kuendelea hivyo. Soma italia kila nusu saa na kila saa kamili. Hugusi chochote zaidi ya kunyamazisha mlio.

Napenda mzunguko wa dakika 30 kwa sababu unajikagua wenyewe. Mlio wa Soma ukija saa tatu na dakika nne, ujue papo hapo kwamba kujirudia hakukuwashwa. Mzunguko wa dakika 27 ungekuficha kosa hilo asubuhi nzima.

Mwenye Apple Watch yenye watchOS 9 au zaidi anaweza kupitia programu ya mazoezi, Workout. Tengeneza zoezi lako mwenyewe la aina ya Custom, uweke Work ya dakika 25 na Recovery ya dakika 5, zirudiwe mara nne. Saa itahama kutoka hatua moja hadi nyingine bila kuguswa. Gharama yake ni kwamba inaamini unafanya mazoezi: inapima mapigo ya moyo muda wote, betri inaisha haraka, na saa mbili za kukaa kitini zinaingia kwenye kumbukumbu za mazoezi yako. Kwa siku ya mtihani naikubali gharama hiyo. Kwa kila siku, hapana.

Njia yoyote utakayochagua, ijaribu kwanza kwa taima ya dakika moja huku ukiandika kwa mkono uliovaa saa. Mkanda ukilegea, mtetemo unapotea, hasa kama umezima sauti. Apple Watch ina mtetemo wenye nguvu zaidi: ingia Settings, kisha Sounds & Haptics, uchague Prominent.

Jikoni mambo yanageuka. Wali, mayai na viazi kila kimoja kinaiva mara moja tu, kwa hiyo unataka taima tatu zisizojirudia, kila moja na jina lake. Bila majina, saa ikilia utajikuta unafunua sufuria zote kutafuta iliyoiva, na wali unapoteza mvuke wake. Apple Watch inaruhusu taima kadhaa kwa wakati mmoja tangu watchOS 8 ya mwaka 2021. Kujirudia kuna nafasi moja tu hapo, nayo ni chungu kinachotaka kukorogwa kila baada ya dakika tano. Hiyo izime pamoja na moto, la sivyo itaendelea kukuita mkiwa mezani.