Elle na il zote zinageuka "a-"

"Natafsiri maelezo ya Kifaransa, elle na il zote zinageuka 'a-'. Niandike 'mwanamke' kila mahali?"

Habari ndugu, hapana. Kwanza tazama elle inarejea nomino gani. Mimi hapa Kigoma niliwahi kupata hii: *La victime dit qu'elle a vu sa voisine.* Nikaandika "mwanamke", kumbe aliyeumizwa alikuwa baba mtu mzima! Victime ni ya kike kisarufi tu, hata kwa mwanaume. Voisine ndiyo inayobeba jinsia, maana voisin, jirani wa kiume, ipo. Basi: "Mwathiriwa anasema alimwona jirani yake wa kike." Ukishasema "wa kike" mara moja, inatosha.

Sentensi inayofuata ikisema *elle courait*, "alikuwa anakimbia" haionyeshi ni nani kati yao. Rudia "jirani" au "mwathiriwa" kulingana na maelezo yenyewe.