Tronsoneze ao moto tu?

"Rekoda yangu ya solere iko pembeni ya pori huku Kalehe. Modeli yenye kutambua sauti inaita kila moto inayopita barabarani tronsoneze ya kukata miti. Nifanye je?"

Ndugu, hata miye ilinisumbua sana. Modeli haijasikia moto za kwako, basi rekodi moto na mvua pale pale kwa maikro ile ile, uziweke mu klasi ya "hapana", na siku za kutestia zikuwe tofauti na za kufundishia, la sivyo matokeo yatakudanganya. Kisha usiamini dirisha moja tu, ni kipande cha sauti cha sekunde 3. Moto inapita, sauti inapanda inapotea, lakini tronsoneze inabakia pale, inalia, inapoa, inalia tena dakika nyingi. Ngojea madirisha 6 kati ya 10 yaseme tronsoneze ndio utume alerti, batri nayo itapumua. Tronsoneze ikilia kweli usiende mwenyewe, ita ekogadi.