Faida imeshuka, faida kwa kila hisa imepanda: usishangilie kabla ya kuhesabu hisa

Dada mmoja msomaji wangu ameniandikia: "Kaka, kampuni niliyowekeza imepata faida ndogo kuliko mwaka jana, lakini faida kwa kila hisa imepanda. Wahasibu wamekosea, au mimi ndiye sijui kusoma?"

Hakuna aliyekosea, dada. Kampuni yako imenunua hisa zake yenyewe sokoni na kuzifuta. Faida kwa kila hisa ni faida baada ya kodi kugawanywa kwa idadi ya hisa zilizo mikononi mwa wanahisa. Hisa zikipungua haraka kuliko faida, jibu linapanda hata kama biashara imerudi nyuma.

Hata Apple yamewatokea. Mwaka wao wa fedha wa 2022 walipata faida ya dola bilioni 99.8, na wa 2023 ikashuka hadi bilioni 97.0. Faida kwa kila hisa ikatoka dola 6.11 ikawa 6.13. Katikati hapo walikuwa wametumia dola bilioni 77 na ushei kununua hisa zao, na wastani wa hisa ukashuka kutoka kama bilioni 16.33 hadi bilioni 15.81. Ukiigawa faida ya 2023 kwa hisa za 2022 unapata 5.94. Sisemi Apple walidanganya mtu, maana kila tarakimu wameiweka wazi. Nasema aliyesoma mstari wa faida kwa kila hisa peke yake alidhani mwaka ulikuwa mzuri kidogo, kumbe mauzo na faida vyote vilishuka.

Swali hili linanigusa kwa sababu liliwahi kunitia aibu mbele za watu. Nilikuwa kwenye kundi la wawekezaji la simu, na mkubwa wetu pale alikuwa na kampuni yake kipenzi. Kila matokeo yakitoka anabandika picha ya safu ya faida kwa kila hisa, imepanda, imepanda tena. Siku moja nikauliza kwa adabu kabisa: mzee, na faida yenyewe imekua kiasi gani? Akanijibu kwamba kuna watu wakiona nyumba nzuri wanaanza kuhesabu matofali. Kundi zima likacheka, na kwa muda mrefu jina langu likawa Matofali. Sikujibu. Nilirudi kwenye taarifa za fedha nikafanya hesabu ambayo naiweka hapa kwa tarakimu za mfano, ili nawe uweze kuifanya.

Chukua kampuni yenye faida ya dola milioni 100 na hisa milioni 50. Kila hisa ina faida ya dola 2, na sokoni inauzwa dola 30. Kampuni ina dola milioni 150 zimekaa benki, zinaleta riba ya asilimia 4. Bodi inaamua kununua hisa. Kwa bei hiyo inapata hisa milioni 5, zinabaki milioni 45.

Wengi wanaishia hapo: milioni 100 kwa milioni 45, sawa na dola 2.22, ongezeko la asilimia 11. Wamesahau kwamba ile pesa ya benki ilikuwa inazaa. Riba ya milioni 6, ukiitoa kodi ya asilimia 30, ilikuwa inaingiza milioni 4.2 kwenye faida. Sasa haipo. Faida inakuwa milioni 95.8, na kwa kila hisa ni dola 2.13. Ongezeko halisi ni asilimia 6 na kitu. Kampuni imekuwa ndogo, ila kipande chako ndani yake kimekuwa kikubwa.

Sasa tuibadilishe bei tu. Tuseme hisa hiyohiyo inauzwa dola 80. Milioni 150 zinanunua hisa milioni 1.875 basi, zinabaki milioni 48.125. Faida ni ileile milioni 95.8, na kwa kila hisa inakuwa dola 1.99. Imeshuka! Wanahisa wametoa dola milioni 150 ili kila hisa ipate pungufu ya ilichokuwa nacho.

Kuujua mpaka ni kazi ya dakika moja. Gawanya faida ya hisa moja kwa bei yake. Kwa bei ya 30, dola 2 ni asilimia 6.7, kwa bei ya 80 ni asilimia 2.5. Linganisha na kile pesa ilichokuwa inaleta baada ya kodi, hapa asilimia 2.8. Ukiwa juu ya hapo, faida kwa kila hisa inapanda; ukiwa chini, inashuka. Kama kampuni imekopa ili inunue, linganisha na gharama ya mkopo baada ya kodi. Mkopo wa asilimia 8 ni 5.6 baada ya kodi, kwa hiyo kwa bei ya 30 bado inapanda, lakini kidogo mno, na deni limebaki shingoni.

Lakini kupanda si sawa na kunufaika. Riba ya benki ikiwa karibu na sifuri, karibu kila ununuzi utaipandisha namba hii, hata wa bei ya kijinga. Mwanahisa anayebaki ananufaika pale tu hisa iliponunuliwa chini ya thamani yake ya kweli. Ikinunuliwa juu, aliyekula ni yule aliyeuza.

Basi kwa nini wananunua? Wapo wenye pesa nyingi kuliko miradi ya maana, na wanaona heri wanahisa warudishiwe. Wanakwepa kupandisha gawio kwa sababu gawio likishapanda, siku ukilipunguza soko linakuadhibu, wakati ununuzi wa hisa unaweza kuusimamisha kimyakimya. Wapo wanaoamini hisa yao ni rahisi. Na wapo wakurugenzi ambao bonasi yao imefungwa kwenye faida kwa kila hisa. Hao, ndugu yangu, wasome kwa miwani. Masharti ya bonasi huandikwa kwenye ripoti ya mwaka, sehemu ya malipo ya wakurugenzi, ile ambayo wote tunairuka.

Kuna jambo la wakati pia. Mgawanyo hutumia wastani wa hisa wa mwaka mzima. Kampuni yetu ya mfano ikinunua katikati ya mwaka kwa dola 30, wastani ni milioni 47.5 na riba iliyopotea ni nusu, kwa hiyo mwaka huo faida kwa kila hisa ni dola 2.06. Mwaka unaofuata, bila kuuza hata kitu kimoja zaidi, inafika 2.13. Meneja atauita huo ukuaji.

Nirudi kwa kipenzi cha mzee wetu. Nilipoweka faida yake kwenye safu moja na wastani wa hisa kwenye nyingine, faida ilikuwa imelala palepale miaka yote, na hisa zilikuwa zinapungua kwa mkopo. Riba za mikopo zilipopanda, ununuzi ukakoma, na haukupita muda faida kwa kila hisa nayo ikakoma kukua. Bei ikaporomoka. Hakuna aliyeniita Matofali tena, ingawa hakuna aliyeniomba radhi pia.

Kwa hiyo hesabu hisa. Na ukizihesabu, tumia wastani unaojumlisha hisa walizoahidiwa wafanyakazi, maana kampuni inaweza kutangaza imenunua hisa milioni 5 huku ikiwagawia wafanyakazi milioni 4. Pesa ya hisa milioni 5 imetoka. Zilizopungua ni milioni 1. Kiasi kilichotumika kipo kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, na wastani wa hisa upo chini kabisa ya taarifa ya mapato, mara nyingi kwa maandishi madogo. Viweke vya miaka mitano sambamba. Kama pesa imetoka kila mwaka na hisa hazipungui, hizo ni gharama za mishahara zilizovaa jina lingine.