Rafiki yangu wa zamani ana kesi mbele yangu, nihukumu ao nijiondoe?

Swali: Asalamu aleikumu sheikh. Mimi niko juji hapa Lubumbashi. Wamenipatia dosie ya lupango ya Katuba, mama mujane anagombana na mwanaume mwenye tumekomaa naye, njo alinilipia minervali mwaka wa mwisho wa univerisite. Najua moyo wangu, siwezi kumuonea yule mama. Ndugu mmoja wa msikitini anasema rafiki si damu, na mcha Mungu hakimbii amana. Tena nikijiondoa naogopa dosie itaenda kwa mwenzangu mwenye kupenda matabishi. Nifanye nini?

Jibu: Waaleikumu salamu ndugu yangu. Jiondoe, na ufanye hivyo sasa, mbele ya kusikiliza hata neno moja la pande zote mbili. Nakuonea huruma kweli, juu huyu si mtu wa kusalimiana naye tu njiani, alikusomesha, na mwenye kusahau wema kama huo si muungwana. Lakini ule wema njo unaokufungia mlango wa hii kesi.

Huyo ndugu wa msikitini ameshika kipande cha fiki akaacha kingine. Ni kweli wanavyuoni wengi wamemkataza kadhi kujihukumia mwenyewe, wazazi wake na watoto wake, na rafiki hawakumuweka kwenye hiyo orodha. Lakini Wamaliki walipofika kwenye ushahidi wa rafiki wa karibu sana waliweka masharti, awe amezidi watu kwa uadilifu, na asiwe analishwa na huyo anayemshuhudia. Waliona kwamba mkono uliokulisha unaweza kukuvuta kama damu inavyovuta. Wewe minervali yako ilitoka wapi?

Na hili la kusema mcha Mungu hana haja ya kujiondoa ndilo linaloniudhi zaidi, juu linapendeza masikioni na linaharibu hukumu. Imepokewa kwa Bayhaki kwamba Umari, akiwa khalifa, aligombana na Ubayi bin Kaabu, wakaenda nyumbani kwa Zaidi bin Thabiti awaamue. Zaidi, mwandishi wa wahyi! Nani kati yetu atajilinganisha naye? Akamsogezea Umari nafasi ya heshima pa kukaa, Umari akamwambia hiyo ni dhuluma yako ya kwanza katika hukumu yako, akaenda kukaa pamoja na mgomvi wake. Halafu ilipofika Umari aape, Zaidi akamuomba Ubayi amsamehe kiongozi wa waumini kile kiapo, Umari akakataa, akaapa. Angalia sasa, Zaidi hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na bado mwelekeo ulitoka kwanza kwenye mahali pa kukaa, halafu kwenye kiapo. Kwako utatoka wapi? Utamuuliza yule mama mara tatu karatasi za lupango ziko wapi na rafiki yako mara moja, ao utamkatiza yeye na kumuacha mwenzake amalize, na hautajiona.

Kuna tena wale wanaogeuza upande wa pili, ili watu wasiseme anapendelea anamkaza rafiki yake kuliko haki. Hiyo nayo ni dhuluma. Kama lupango ni ya rafiki yako kweli, kwa nini aipoteze juu alikusomesha?

Mtume swalla Llahu alaihi wa sallamu amekataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira, iko ndani ya Bukhari na Muslimu, na wanavyuoni wakapimia hapo njaa, kiu, huzuni na usingizi. Hakuna aliyesema mcha Mungu ahukumu na njaa yake juu anajiamini. Kinachoangaliwa ni kile kinachoshughulisha moyo.

Hata sheria ya nchi iko nawe hapa. Ile ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya tribinali imehesabu urafiki na mmoja wa wenye kesi kati ya sababu za kumkataa juji, na juji anayejijua na sababu hiyo anatakiwa kujiondoa mwenyewe. Mwandikie prezida wa tribinali, taja urafiki na ile minervali, usifiche nusu. Mtu wa kusalimiana tu sokoni ao kusoma naye darasa moja zamani hakulazimishi hivyo, la sivyo kila mwenye kutaka kumkimbia juji mwadilifu atajitangaza rafiki yake.

Kuhusu huyo mwenzako, hofu yako naielewa, lakini hauchagui wewe nani atapokea dosie. Kama una ushahidi wa matabishi, upeleke kwa wakubwa kama jambo la peke yake. Kama ni dhana tu, usiijenge iwe sababu ya kubaki kwenye kiti. Ukishatoka, usimpigie atakayeipokea, hata kumwambia "fanya haki", juu atasikia jina la rafiki yako ndani ya hilo neno. Na rafiki yako mwambie mapema kwamba umetoka, kwamba mpaka hukumu itoke hautapokea kitu kwake hata kile alichozoea kukuletea Idi, na kwamba habari ya lupango isifike mezani kwenu. Deni lake la minervali utamlipa kwa pesa yako.