Dagaa wa chumvi na dagaa wa mchanga: jibu kwa dada wa Kondoa

Juzi usiku nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Kondoa. Aliandika: "Dada, nikiwaloweka dagaa wanakatikakatika. Nisipowaloweka ni chumvi tupu. Na nikiwaloweka, nisiwaloweke, mume wangu anasema anatafuna mchanga. Nifanyeje?" Niliusoma mara tatu, kisha nikaweka simu chini, kwa sababu yote matatu anayoyalalamikia yaliwahi kunikuta siku moja, kwenye sahani moja, mbele ya wakwe.

Ilikuwa mwaka 2021, hapa Dodoma, nyumbani kwetu Nkuhungu. Wageni walikuja kwa mambo ya mahari ya wifi yangu, na mimi nilikuwa bado mgeni katika ukoo ule. Nilipewa dagaa. Wengine walisonga ugali wa uwele, wengine wakapika mlenda, na mimi nikajiona nimepewa kazi nyepesi. Nilichemsha maji, nikayamwaga yakitokota juu ya dagaa mchele wa pwani, nikafunika sufuria, nikaenda kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu. Nilirudi baada ya kama saa mbili nikakuta matumbo yamefunguka na vichwa vinaelea. Nikamwaga vyote kwenye chujio, maji na dagaa kwa pamoja, nikawatia chumvi kwa mazoea, nikawatumbukiza kwenye mafuta wakiwa bado wanadondosha maji. Povu likapanda mpaka ukingoni mwa karai. Waliiva wakiwa bonge moja laini.

Shangazi wa mume wangu alitafuna mara moja, ikasikika "krrr" ya mchanga, akasogeza bakuli kwa vidole viwili. Akasema, "Mwanangu, hawa dagaa mmewaokota barabarani?" Watu wakacheka. Mimi niliosha vyombo siku ile bila kuinua kichwa, na sijasahau mpaka leo.

Jumamosi iliyopita shangazi huyohuyo amekula kwangu. Alimaliza, akamtuma mtoto alete kopo awekewe wa kuondoka nao. Nililifunga lile kopo mwenyewe kwa mikono yangu. Kwa hiyo dada wa Kondoa, nisikilize, maana hapa sifundishi nilichosikia kwa watu.

Kwanza ujue umeshika dagaa gani. Hapo ndipo wengi tunapopotea, tunawaosha wote kwa namna moja. Dagaa mchele wa baharini, hasa wanaotoka Zanzibar, huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Chumvi imeingia mpaka ndani ya nyama, na nyama yenyewe imeshaiva. Ndiyo maana ukimmwagia maji yanayochemka anafumuka: unampika mara ya pili. Dagaa wa Mwanza kwa kawaida huanikwa mbichi bila kutiwa chumvi, na wengi bado huanikwa chini kwenye mchanga wa ufukweni. Huyo shida yake ni mchanga, hahitaji kulowekwa muda mrefu. Ukisoma maneno yako, dada, wako ni mchele. Onja mmoja akiwa mkavu, utajua papo hapo.

Sasa nikueleze nilivyofanya Jumamosi na kilo 1 ya dagaa mchele niliyonunua soko la Majengo.

Nilianza saa moja asubuhi, tena bila maji. Niliwatia kwenye chekeche wakiwa wakavu nikawatikisa mpaka vumbi likaacha kudondoka. Usiruke hatua hii. Mchanga mkavu huanguka wenyewe, ukishalowa unanata kwenye ngozi na kwenye mashavu ya samaki, na hapo utahangaika nao. Nilichambua pia waliovunjika na vijiti.

Kisha maji ya vuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto mchanga, lita 4 kwenye beseni pana. Niliwageuza kwa mkono taratibu kama dakika 3, nikaacha maji yatulie kidogo. Na hapa ndipo penye siri niliyoichelewa miaka yote: usimwage maji pamoja na dagaa kwenye chujio. Mchanga ni mzito, umeshazama chini ya beseni. Ukimimina vyote, mchanga unaotoka mwisho unawamwagikia tena dagaa wako waliokwisha kuwa safi. Watoe dagaa kwa viganja kutoka juu, uwaweke chombo kingine, na yale maji ya mwisho yenye mchanga yabaki chini. Pitisha kidole kwenye sakafu ya beseni. Ukisikia chembe, osha tena, watoe tena kwa viganja. Ukiona kidole kinateleza, mchanga umekwisha. Jumamosi nilifanya mara tatu.

Ile ya pili na ya tatu ndiyo inayotoa chumvi. Maji yakishashiba chumvi hayavuti tena, kwa hiyo kuwaacha saa mbili kwenye maji yaleyale ni kuwalainisha bure. Ni afadhali maji mapya mara tatu kwa dakika 10 kuliko maji mamoja kwa nusu siku. Vuguvugu huvuta chumvi haraka kuliko baridi, lakini mkono wako ukishindwa kukaa ndani, hayo ni ya moto mno. Maji ya mwisho niliyatumia ya baridi ili nyama ikaze. Kisima cha mtaani kwetu kina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo nikayatumia kuoshea mchanga tu, ya mwisho nikatumia ya kunywa.

Utajuaje imetosha? Mtafune mmoja akiwa amelowa. Lakini usitafute utamu wa mezani! Akiwa amelowa anatakiwa aonekane chapwa, chumvi iwe ya mbali. Kwenye mafuta maji yatatoka na chumvi itabaki, kwa hiyo yule unayemsifu sasa hivi kwamba "hapo hapo" atakuwa mkali akikauka. Jumamosi baada ya maji ya tatu bado niliisikia kwenye ulimi, nikaongeza dakika 5 kwenye maji mapya. Kisha nikambonyeza mmoja tumboni kwa vidole viwili. Tumbo likianza kufunguka, acha kabisa hata kama chumvi ipo, kwa sababu ukiendelea utabaki na uji. Chumvi iliyosalia utaimaliza kwa kachumbari isiyotiwa chumvi. Na usiwatie chumvi tena kwa mazoea kama nilivyofanya mimi.

Dagaa wa Mwanza mchekeche vilevile, muoshe haraka haraka maji matatu au manne ya vuguvugu, asizidi dakika 5 kwa ujumla. Kama ni wakubwa toa vichwa, maana mchanga mwingi umejificha humo, na utumbo mchungu hutoka nao.

Tukifika kwenye kukauka, wanawake wengi wananiambia hawana muda. Huna muda wa kuwaanika lakini una muda wa kuosha karai lililogandiwa na dagaa? Maji ndiyo adui wa ukavu. Dagaa aliyelowa akiingia kwenye mafuta, mafuta yanatumia moto wote kuyageuza yale maji kuwa mvuke, yanapoa, na dagaa anachemka badala ya kukaangika. Ndiyo lile povu, ndilo lile bonge. Wapo wanaowapaka unga wa ngano ili waonekane wakavu. Mimi sikubali. Unga unaficha maji kwa dakika chache tu, ukipoa unalainika na dagaa wako wanageuka maandazi.

Niliwachuruzisha kwenye chujio robo saa, nikawatandaza juu ya kitambaa safi kwenye ungo, safu moja wasilaliane. Dodoma tumepewa jua na upepo mkavu, tuutumie. Lakini upepo huohuo una vumbi jekundu, na nimewahi kuosha mchanga asubuhi nikaupata upya mchana! Funika kwa kipande cha chandarua kisafi, weka ungo juu ya meza mbali na njia. Nzi nao watazuiliwa. Kwangu ilichukua kama saa moja na nusu. Unataka ngozi iwe kavu, dagaa asinate kwenye kidole, lakini ukimkunja apinde bila kukatika. Akikatika kwa kishindo amekauka kupita kiasi, ataungua kabla hujamwona. Siku ya mawingu mpanguse kwa kitambaa na umwache muda mrefu zaidi, usikimbilie jikoni.

Mafuta nilitumia ya alizeti, kina cha vidole vitatu kwenye karai. Tupia dagaa mmoja. Akizama na kunyamaza, subiri. Akizungukwa na mapovu papo hapo na kupanda juu, anza. Mafuta yakitoa moshi, ipua karai kidogo, la sivyo watakuwa weusi nje na wachungu. Tia viganja viwili tu kwa mara moja. Kilo ile niliigawa mara nyingi, na jiko la mkaa linahitaji uyape mafuta nafasi ya kupata moto tena kila baada ya mkupuo. Dakika ya kwanza usiwakoroge, ndipo wanapokatika. Baada ya hapo wageuze kidogo na usikilize. Mwanzoni sauti ni kubwa na mapovu ni mengi. Maji yakiisha mapovu yanapungua na sauti inakuwa ndogo, kavu. Kwangu ni dakika 3 hadi 4. Watoe wakiwa rangi ya dhahabu, kabla ya ile kahawia unayoitamani, maana wanaendelea kuiva wakiwa nje.

Waweke kwenye chujio, wasifunikwe hata kidogo. Mvuke ukikosa njia unawarudia. Wakipoa kabisa, kabisa, ndipo uwatie kwenye kopo la kufunga. Limao na kitunguu vije mezani, mwisho.

Na kama, dada, umebaki na sahani ya waliokatika na wenye chumvi, bado wanafaa. Usiwaoshe tena baada ya kukaanga. Kaanga kitunguu na nyanya nyingi, tia karanga zilizosagwa na maji kikombe kimoja, usitie chumvi kabisa, kisha uwatie dagaa dakika 5 kabla ya kuipua. Nyanya na karanga zitabeba ile chumvi. Halafu niandikie Jumapili unieleze tumbo la dagaa wako lilifunguka kwenye maji ya ngapi, nijue kama tupunguze dakika au joto.