Namna ninavyomuanza mwenye nyumba asiyenijua

"Wakuu, nimeanza udalali wa nyumba hapa Dar, huu ni mwezi wangu wa tatu. Nikiona nyumba tupu nachukua namba getini nampigia mwenye nyumba. Wengine wanakata simu, wengine wanasema 'niletee mteja ndo tuongee'. Mnamuanzaje mtu hadi akukubali?"

Mkuu, hii kazi nimeifanya miaka tisa, zaidi upande wa Tabata, Segerea na Kinyerezi. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa nakatiwa simu kama wewe. Nilikuwa naanza hivi: "Habari bosi, mimi dalali, nina wateja wengi wa uhakika, nyumba yako mwisho ngapi?" Siku moja mzee mmoja akanijibu, "Wewe ni wa saba leo, na wote mna wateja." Akakata.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba mwenye nyumba haogopi kukosa mpangaji. Namba iko getini, simu zinaingia. Anachoogopa ni sisi. Ameshapigiwa na mtu akiuliza, "Ile nyumba ya laki sita bado ipo?" wakati yeye anataka laki nne na nusu, kumbe kuna dalali ameweka cha juu cha laki na nusu. Ameshakuta watu wasiojulikana wanazunguka uani saa mbili usiku kwa sababu mlinzi alipewa buku mbili akafungua. Ameshaona picha za chumba chake zinatembea kwenye magrupu ya WhatsApp na bei ambayo hakuitamka. Sasa wewe unapompigia na kuanza na "mwisho ngapi", unamthibitishia kila kitu.

Kwa hiyo mimi sipigi simu kwanza. Kwanza naenda duka la Mangi lililo karibu na hiyo nyumba, nanunua maji, nakaa. Mangi anajua nyumba imekaa tupu tangu lini, mwenyewe anaishi wapi, anapenda kuitwa nani, na muhimu kuliko vyote, mpangaji aliyepita aliondoka kwa nini. Hilo la mwisho mwenye nyumba mwenyewe hatakwambia.

Nikupe mfano wa mama mmoja wa Segerea. Ana nyumba mbili ndani ya uzio mmoja, yeye anakaa kwingine kabisa. Ya mbele ina mpangaji, ya nyuma ina vyumba viwili, kimoja masta, sebule na jiko. Getini kaandika kwa rangi nyekundu "Nyumba inapangishwa, madalali hawatakiwi". Mangi akaniambia ya nyuma ina miezi minne tupu, na kwamba waliotoka waligombana na wa mbele kwa sababu ya LUKU. Mita ilikuwa moja. Wa mbele ana friji mbili anauza barafu na juisi, wa nyuma ana taa na televisheni, na umeme wanachanga nusu kwa nusu. Kila mteja aliyefika kuangalia alikuwa anasimuliwa hiyo habari na jirani kabla hajafika mlangoni.

Sikumpigia. Nilimtumia ujumbe wa kawaida, maana akina mama wa umri ule WhatsApp wanaifungua jioni tu. Uliandikwa hivi:

"Shikamoo mama. Naitwa (jina), nakaa Tabata, kazi yangu ni kutafutia nyumba wapangaji. Nimeona tangazo la getini kwamba madalali hawatakiwi, kwa hiyo sijaingia ndani wala sijapiga picha. Nimesikia nyumba ya nyuma inachelewa kupata mtu kwa sababu ya LUKU moja. Hilo linarekebishika kwa gharama ndogo. Ukiniruhusu nikupigie dakika tano, nikueleze. Usipopenda, sitakusumbua tena."

Angalia kilichomo. Salamu inayomstahili. Nimekiri tangazo lake nimeliona, sijajifanya kipofu. Nimesema ambacho sijafanya, maana hicho ndicho anachokiogopa. Halafu nimemtajia jambo moja la nyumba yake yeye, ambalo dalali wa kutuma ujumbe mmoja kwa watu mia hawezi kulijua. Bei sijaigusa. Mteja sijamuahidi, kwa sababu siku ile sikuwa naye. Ukisema una mteja halafu ipite wiki hujamleta, umekwisha.

Alinyamaza siku mbili. Ya tatu akapiga mwenyewe, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kakwambia habari ya LUKU?" Kwa ukali kweli. Nikamwambia mtaa mzima unajua mama, na wateja wako pia wanajua. Akacheka kidogo. Hapo ndipo mazungumzo yalianza.

Mita nyingine ya LUKU angeiomba taratibu, ila kwa kuanzia nilimshauri fundi amfungie mita ndogo ya kugawa, ile tunaita sabmita, ili kila nyumba isomwe matumizi yake. Kazi nzima haikufika laki moja na mpangaji wa mbele akanuna kama wiki hivi. Baada ya hapo ndipo tuliongea bei. Yeye alitaka 450,000 kwa mwezi, mwaka mzima mkononi, yaani 5,400,000. Kwa nyumba ile, mtu mwenye 5,400,000 taslimu anakwenda kununua kiwanja. Sikumwambia "bei yako kubwa mama". Nilikaa naye nikahesabu kwenye karatasi. Miezi minne tupu kwa 450,000 ni 1,800,000 ambazo hazirudi. Akishusha hadi 400,000 kwa miezi sita, anapata 2,400,000 kwa mkupuo, na kwa mwaka anakuwa amepunguza 600,000. Hiyo 600,000 ni sawa na nyumba kukaa tupu mwezi mmoja na siku kumi. Akaitazama ile karatasi muda, kisha akasema, "Laki nne na ishirini." Sawa mama, nyumba ni yako.

Jambo la pili ni unachomwomba. Vijana wengi wanaomba kila kitu siku ya kwanza: funguo, ruhusa ya kuweka kibao, wawe peke yao. Mimi niliomba siku kumi na nne. Funguo zikae kwa mpangaji wa mbele au kwa Mangi, na kila ninapoleta mtu namjulisha mama kabla. Ndani ya siku hizo asimpe dalali mwingine. Zikiisha sina mtu, hanidai wala simdai. Muda mfupi anaukubali kwa sababu hapotezi kitu.

Na pesa yako iseme mapema, asiisikie kwa mteja. Hapa Dar tumezoea mpangaji ndiye anamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Nilimwambia wazi: mpangaji atanilipa 420,000, wewe hulipi, na bei utakayoniambia ndiyo mteja ataisikia, sitaongeza hata mia. Wapo wenye nyumba wanaotaka mgawane hiyo ya mwezi. Mimi huwa nakataa kwa heshima, ila wenzangu wengi wanakubali na wanakula, siwezi kuwahukumu.

Tukaandika karatasi moja tu: bei, miezi, maji nani analipa, mimi nalipwa na nani, zile siku kumi na nne, na mstari mmoja kwamba mtu niliyemleta akirudi mwenyewe ndani ya siku sitini, ujira wangu upo palepale. Huo mstari peke yake haukulindi, maana mteja na mwenye nyumba wakiamua kukuzunguka watasema hawajawahi kukutana kupitia kwako. Kinacholinda ni kawaida hii: kila ukitoka kuonyesha, tuma ujumbe pale pale getini. "Mama, leo saa 10 jioni nimemleta dada mmoja, mwalimu, ana watoto wawili. Ameipenda, anauliza kama jiko litapakwa rangi." Mwenye nyumba anafurahi kwa sababu anapata habari, na wewe umebaki na tarehe, saa na mtu. Nimeshamwonyesha mzee mmoja ujumbe wa namna hiyo akiwa ameshapokea kodi bila mimi. Hakubishana, alimwambia mpangaji anilipe.

Kuna kosa nililofanya mimi, usilirudie. Nilimfuata jamaa wa Kimara, mchangamfu, akakubali haraka haraka, hakuuliza chochote. Nikampa mpangaji, akachukua miezi sita. Mwezi wa pili wakaja dada zake watatu: nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, mirathi haijafungwa, na msimamizi siyo yule kaka. Mpangaji alitolewa, mimi nikarudisha pesa yangu ya udalali, ile kodi ya miezi iliyobaki sijui kama aliipata. Tangu hapo, mwenye nyumba anayekubali bila kuuliza swali lolote ananitia mashaka kuliko anayekata simu. Naomba kuona hati, au mkataba wa mauziano kama eneo halijapimwa, na namuuliza mwenyekiti wa serikali ya mtaa nyumba ni ya nani. Kama mwenyewe yuko nje, Maskati au Marekani, naomba tuongee kwa video na yule ndugu anayeiangalia nyumba akiwepo, na aseme mwenyewe kodi ipokelewe na nani.

Kingine kidogo, ukija kupata nyumba kubwa: usimsifie mwenye nyumba kwamba utamletea kampuni bila kumweleza kodi ya zuio. Kampuni inakata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Nyumba ya 900,000 kwa mwezi, mwaka ni 10,800,000, kinachoingia kwake ni 9,720,000. Mimi mzee mmoja aliamini hiyo 1,080,000 nimeila mimi, hadi mhasibu wa kampuni alipompa cheti cha kodi iliyozuiwa. Aliomba radhi lakini nyumba nyingine hakunipa.

Yule mama wa Segerea alipata mtu siku ya kumi na moja, ndiye yule mwalimu wa watoto wawili, na hadi leo yupo. Jiko lilipakwa rangi. Maandishi ya getini hajayafuta, bado yanasema madalali hawatakiwi. Mwaka jana alinipa namba ya mdogo wake mwenye nyumba tupu Kinyerezi, akaniambia, "Mpigie tu, mwambie nimekutuma mimi." Nikapiga bila kupita kwanza kwa Mangi. Akanikatia simu.