"Sikutaki" si "sikyakwagala"

"Mimi Mganda wa Masaka, mpenzi wangu ni wa Mombasa, tunaandikiana Kiswahili. Nataka kumwambia: 'Sikutaki tena, nimekuchoka, niache.' Sina ugomvi naye. Iko sawa?"

Dada, usiitume hiyo. Najua ilikotoka: kwa Kiganda "okwagala" ni kupenda na kutaka pia, kwa hiyo "sikyakwagala", yaani sikupendi tena, umeigeuza "sikutaki". Lakini mtu wa Mombasa akisoma "sikutaki" anasikia umemtupa kama kitu kibovu. "Nimekuchoka" inamwambia kwamba yeye ni kero, na "niache" huambiwa anayekusumbua njiani. (Mimi niliwahi kumwandikia mtu "nimekuchoka" nikimaanisha nimechoka na safari za kumfuata. Dada yake ndiye aliyenipigia simu.)

Neno lako ni "tuachane". Ile -ana inawaweka wote wawili ndani, hakuna anayetupwa. Ila usiseme "naomba tuachane", maana ombi hukataliwa, naye atakuja na hoja zake. Sema "nimeamua":

"Habari yako. Nimefikiri sana, na nimeamua tuachane. Hujanikosea, ila sioni maisha yetu yakienda pamoja. Sitabadili uamuzi huu. Asante kwa wema wako wote. Naomba tusiwasiliane tena."

Hilo "naomba" la mwisho halina shida, ni adabu tu, kwa sababu uamuzi umeshatajwa. Usiongeze "kwa sasa" wala "tupumzike kidogo", atakusubiri. Na kama kweli alikukosea, futa "hujanikosea", usimdanganye.